Kona ya Kumi Isiyohesabiwa: Masoko ya Kona na Kadi Yanavyofanya Kazi

Jumamosi moja jioni, katika banda la kuonyeshea mpira hapa Kondele, Kisumu, jirani yangu ambaye ni fundi wa pikipiki alikuwa amebeti kwamba mechi itatoa zaidi ya kona 9.5. Dakika 90 zilipokwisha, zilikuwa zimepigwa kona 9. Katika dakika za majeruhi mpira uligonga goti la beki ukatoka nje, mshika kibendera akaelekeza kibendera chake kwenye pembe ya uwanja, na nusu ya banda ikasimama. Winga aliubeba mpira bila haraka, akauweka, akarudi nyuma hatua tatu, na kabla hajaupiga refa akapuliza kipenga cha mwisho.

Jirani yangu alikuwa tayari ameanza kushangilia. Simu yake ilipoonyesha kwamba mkeka umechanika, alinigeukia akasema, "Mzee, si umeona mwenyewe amepeana kona?" Kesho yake aliwapigia watu wa huduma kwa wateja wa kampuni aliyobeti nayo, wakamjibu kwamba kona iliyotolewa lakini haikupigwa haihesabiwi. Alikuwa na hakika kwamba ameibiwa. Sikubaliani naye, kwa sababu sharti hilo lilikuwa limeandikwa, na tena linafanana katika kampuni nyingi za beti. Lakini ninaelewa kwa nini liliwashangaza watu wengi pale bandani, kwani ni wachache wanaojua kinachouzwa hasa katika masoko haya.

Tuanze na maneno yenyewe. Soko, katika lugha ya beti, ni swali moja kuhusu mechi ambalo kampuni imeliwekea bei. Mshindi ni nani? Hilo ni soko. Zitapigwa kona ngapi, na zitaonyeshwa kadi ngapi? Hayo ni masoko mengine mawili, yanayosimama peke yake bila kujali aliyeshinda. Bei ya swali ndiyo odi: ukibeti shilingi 100 kwa odi ya 1.85 na jibu lako likawa sahihi, utarudishiwa shilingi 185, ile mia yako ikiwa ndani yake. Nusu inayoandikwa kwenye 9.5 ipo ili pasiwe na sare kati yako na kampuni. Hakuna nusu ya kona, kwa hiyo 9 ni chini na 10 ni juu.

Kona yenyewe inaelezwa katika Sheria ya 17 ya mchezo. Mpira wote lazima uvuke mstari wa goli, chini au hewani, ukiwa umeguswa mwisho na mchezaji wa timu inayojihami, na lisiwe limefungwa bao. Tangu Julai 2025 imeongezwa njia nyingine: kipa akiushika mpira kwa zaidi ya sekunde 8, wapinzani wake wanapewa kona. Refa hana wajibu wa kusubiri kona ipigwe muda unapokwisha. Ni penalti pekee inayoongezewa muda hadi ikamilike. Ndiyo maana kona ya kumi ya jirani yangu ilikuwapo uwanjani lakini haikuwapo katika hesabu. Kona ikirudiwa, kwa kawaida huhesabiwa mara moja, na hesabu yote hufungwa mwishoni mwa dakika 90 na zile za majeruhi, hata kama mechi itaingia muda wa ziada.

Sasa bei. Tuseme kampuni imeweka 1.85 kwa zaidi ya 9.5 na 1.85 vilevile kwa chini yake. Gawanya 100 kwa 1.85 nawe utapata 54, yaani unahitaji kuwa sahihi mara 54 katika kila mara 100 ili usipate hasara wala faida. Upande wa pili nao unadai mara 54, na 54 mbili ni 108, ilhali matokeo yote yanayowezekana ni 100 tu. Zile 8 zilizozidi ndizo chakula cha kampuni. Aliyewahi kubadilisha shilingi za Uganda pale Busia anaujua mchezo huu: bei ya kununulia haiwi sawa na bei ya kuuzia, na mwenye meza anaishi katikati ya bei hizo mbili. Kwenye masoko ya kona na kadi mwanya huo kwa kawaida ni mpana kuliko kwenye soko la mshindi.

Hapo ndipo wastani unapowadanganya watu. Katika ligi kubwa za Ulaya mechi moja hutoa takriban kona 10, na msomaji akiona hivyo huhisi kwamba 9.5 ni zawadi. Lakini ukiichukua mechi yenye wastani wa kona 10 na kupiga hesabu ya kawaida ya matukio ya kubahatisha, utakuta kwamba kona 10 au zaidi hutokea takriban mara 54 katika 100, ambazo ni zilezile mara 54 ambazo bei ya 1.85 ilikwisha kuzidai. Kwa maneno mengine, anayejua wastani peke yake amenunua bidhaa kwa bei yake kamili. Kama kuna jambo la kujua zaidi, liko katika yale yanayoisogeza mechi mbali na wastani, na kubwa kati ya hayo, kwa maoni yangu, ni hali ya mchezo: nani anaongoza, kwa mabao mangapi, na zimebaki dakika ngapi.

Kona haizaliwi na umiliki wa mpira. Timu inaweza kuushika mpira muda mrefu katikati ya uwanja na isipate kona hata moja. Kona huzaliwa krosi inapozuiwa na beki, shuti linapogonga mguu wa mtu, au kipa anapoupangua mpira juu ya mwamba. Yaani huzaliwa pale mtu anapolazimisha mpira uingie eneo lililojaa wapinzani. Na ni timu gani hulazimisha? Ni ile ambayo matokeo yaliyopo hayaitoshi. Mfikirie mama muuza samaki katika soko la Kibuye jua likizama. Aliyekwisha kuuza anafunga kapu lake polepole na kupiga gumzo, lakini ambaye sinia lake bado limejaa huita kila mpita njia, hupunguza bei na hukimbilia hata mteja asiyemtazama. Timu inayoongoza mabao matatu imekwisha kuuza. Timu kubwa iliyofungwa bao moja na kikosi kidogo, nyumbani kwake, katika dakika ya 70, bado ina sinia zima la samaki.

Tuufuate mfano mmoja hadi mwisho. Timu kubwa inacheza nyumbani, dakika ya 70 imefika, kona zilizopigwa ni 7, na wewe unahitaji 10. Ukihesabu na dakika za majeruhi, zimebaki kama dakika 26. Katika hali ya kawaida kona hupatikana karibu kila baada ya dakika tisa au kumi. Sasa chukua hali mbili, kwa kasi ninazozikadiria mimi kwa ajili ya mfano huu tu. Katika hali ya kwanza timu kubwa iko nyuma 0-1. Inaingiza mawinga wapya, mabeki wa pembeni wanapanda, wapinzani wanajazana ndani ya kumi na nane, na kona zinakuja moja kila dakika 7. Tutarajie basi kona nyingine karibu nne, na uwezekano wa kupata angalau tatu ni kama mara 72 katika 100. Katika hali ya pili timu hiyohiyo inaongoza 3-0. Mshambuliaji wake mkuu amepumzishwa, mpira unapigwa pasi za kupumzikia, na kona inakuja moja kila dakika 13. Hapo tunatarajia mbili, na uwezekano wa kupata tatu unashuka hadi mara 32. Timu ni zilezile, uwanja ni uleule, kona zilizokwisha kupigwa ni 7 zilezile, na bado uwezekano umepungua kwa zaidi ya nusu kwa sababu ya ubao wa matokeo peke yake.

Mechi ya jirani yangu, nikumbuke kusema, ilikuwa ya namna hii ya pili. Timu aliyoiamini ilifunga mapema, ikafunga tena, na kipindi cha pili kikawa mazoezi. Alikuwa ameichagua kwa sababu "inashambulia sana", na hilo lilikuwa kweli, ila hakujiuliza ingefanya nini baada ya shambulizi kuzaa matunda. Vilevile timu inayotawala sana huwanyima wapinzani wake kona zao. Mtu hupata kona 9 upande mmoja na sifuri upande wa pili, na jumla ikabaki chini ya mstari.

Kuna imani nyingine niliyoisikia mara nyingi, kwamba kipindi cha kwanza kikitoa kona 2 tu basi kipindi cha pili "kinadaiwa". Mechi haina daftari la madeni. Ni kweli kwamba kipindi cha pili hutoa kona nyingi kidogo kuliko cha kwanza, kwa kuwa miguu imechoka na kuna anayetafuta bao, lakini ongezeko hilo huwa limo ndani ya bei tangu asubuhi. Kona 2 katika dakika 45 mara nyingi zinakuambia kitu tofauti kabisa, yaani kwamba timu hizi mbili zinapigania mpira katikati na hakuna anayefika pembeni.

Kadi zina mantiki yake, na hapa mtu wa tatu anaingia. Kona anaitengeneza mchezaji, ila kadi lazima ipite mkononi mwa refa. Kampuni huziuza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu kadi zenyewe, na hapa lazima usome masharti, kwa sababu kuna wanaoihesabu kadi nyekundu kuwa moja na kuna wanaoihesabu kuwa mbili. Ya pili ni pointi: manjano ni 10, nyekundu ni 25, na mchezaji aliyetolewa kwa manjano mbili kwa kawaida huhesabiwa 35, kwa maana ya manjano ya kwanza na ile nyekundu, bila ile manjano ya pili. Kadi ya kocha au ya msaidizi wake huwa haihesabiwi, wala ile inayoonyeshwa baada ya kipenga cha mwisho.

Mechi ya Uholanzi na Ajentina katika robo fainali ya Kombe la Dunia, Desemba 2022, inaonyesha umuhimu wa masharti hayo. Refa Antonio Mateu Lahoz alionyesha kadi 18 za manjano. Mtu anayesoma idadi hiyo gazetini hudhani kwamba kila aliyebeti "zaidi" alilipwa kwa kadi 18. Lakini mbili zilikwenda kwa benchi la ufundi la Ajentina, kadhaa zilitoka katika muda wa ziada, na Denzel Dumfries wa Uholanzi alipata manjano yake ya pili penalti zilipokuwa zimekwisha. Wout Weghorst naye alionywa akiwa angali kwenye benchi, kabla hajaingia na kufunga mabao mawili, na kadi ya mchezaji aliye benchi ni jambo ambalo kampuni haziafikiani.

Kuhusu refa mwenyewe, watu wengi huangalia namba moja: anatoa kadi ngapi kwa mechi. Namba hiyo ina kasoro. Marefa wanaoaminiwa hupewa mechi za watani wa jadi na za kuwania ubingwa, ambazo zina joto hata kabla ya kipenga cha kwanza, kwa hiyo refa anaweza kuonekana mkali kumbe ni mechi zake zilizo kali. Afadhali kuuliza anaonyesha kadi moja kwa kila madhambi mangapi. Refa anayepuliza madhambi 28 na kutoa kadi 4 amewavumilia wachezaji kuliko anayepuliza 16 na kutoa 4 zilezile. Tena mechi nane au tisa za mwanzo wa msimu ni chache mno kumhukumu mtu. Mechi moja ya kadi 9 inatosha kumbadilishia sifa. Na maagizo hubadilika kutoka juu: msimu wa 2023/24 waamuzi wa Ligi Kuu ya Uingereza waliagizwa kuwa wakali kwa wanaopoteza muda na wanaobishana, kadi za manjano zikapanda, na takwimu za msimu uliotangulia zikawa chakavu.

Lakini hata refa unayemjua vizuri hubadilishwa na hali ya mchezo. Mfano ninaoupenda zaidi ni ule wa Chelsea na Tottenham, tarehe 2 Mei 2016, uwanjani Stamford Bridge. Tottenham walihitaji ushindi ili wabaki katika mbio za ubingwa na Leicester. Sare ingetosha kuwafanya Leicester mabingwa. Kufikia mapumziko walikuwa wanaongoza 2-0. Kipindi cha pili Gary Cahill alirudisha moja, kisha Eden Hazard akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na mchezo ukazidi kuwa ugomvi. Mechi ilikwisha 2-2 ikiwa na kadi 12 za manjano, 9 kati ya hizo za Tottenham, idadi ambayo timu moja haikuwa imewahi kufikisha katika mechi ya ligi hiyo. Nyekundu haikutoka hata moja.

Iangalie mechi hiyo kwa jicho la soko. Kwa pointi ni 120. Bao la kwanza la Chelsea liliizidishia joto, kwa sababu tofauti ya bao moja ni hali inayozaa kadi: anayeongoza huchelewesha mpira na kurusha mbali kila kinachokuja, anayefukuzia huacha nafasi nyuma na kulazimika kumvuta jezi anayekimbia naye, na kila mmoja humlalamikia refa. Mechi ya 4-0 haina anayegombana. Tena, refa Mark Clattenburg alisema hadharani baadaye kwamba aliingia na mpango wake wa mechi na kwamba angeweza kuwatoa wachezaji watatu wa Tottenham, lakini aliwaacha wajiharibie wenyewe ili asilaumiwe kwamba ndiye aliyewanyima ubingwa. Kwa hiyo takwimu yoyote ya awali kuhusu nyekundu zake isingekusaidia kitu usiku huo. Uzito wa mechi ulimfanya awe mwepesi wa manjano na mzito wa nyekundu, na hiyo ni tabia ambayo huipati kwenye jedwali.

Kuna jambo moja zaidi linalomgusa refa, nalo ni kelele. Kwa miaka mingi timu ngeni zimekuwa zikipata kadi nyingi kuliko wenyeji, na watu wengi walisema ni kwa sababu wageni hujihami zaidi. Mwaka 2020, Korona ilipofanya mechi zichezwe bila mashabiki, tofauti hiyo ilipungua sana. Wageni walikuwa bado wageni. Kilichokosekana ni watu wa kupiga mayowe kila mwenyeji anapoanguka. Anayebeti kadi za wageni, basi, anabeti pia kuhusu umati.

Swali ambalo jirani yangu aliniuliza baada ya maelezo haya lilikuwa la haki: kama hali ya mchezo ina nguvu hivyo, kwa nini asisubiri aione, kisha abeti mechi ikiwa inaendelea? Anaweza, ila kampuni nayo inaiona hali hiyo, na inaiona kabla yake. Habari za mechi huifikia kampuni moja kwa moja kutoka uwanjani, ilhali picha ya pale Kondele imepita kwenye setilaiti na kingʼamuzi, ikachelewa sekunde kadhaa. Tulijaribu wiki iliyofuata. Nilishika simu yake, yeye akatazama skrini ya banda. Beki aliteleza mbele ya winga, na soko la kona likajifunga kwenye simu mikononi mwangu wakati kwenye skrini winga alikuwa bado anakimbia na mpira. Nilihesabu polepole moja, mbili, tatu, nne, ndipo krosi ikazuiwa na mshika kibendera akaelekeza pembeni. Soko lilipofunguliwa tena, odi ya 1.90 ilikuwa imeshuka hadi 1.62.

"Kumbe hawa wametuona tangu tukiwa barabarani," akasema, akaichukua simu yake na kuirudisha mfukoni.